Kabla hujampigia fundi wa mashine ya kufua: sauti, koodi na saa

Meseji inayoingia sana kwa simu yangu ni hii: "Fundi, mashine haikaushi, unaweza kuja leo?" Kuja naweza, mimi niko hapa Nakuru mjini, Naka ama Kiamunyi ni boda tu. Lakini "haikaushi" inaweza kuwa maji hayatoki, inaweza kuwa maji yametoka vizuri na drami inakataa kuzunguka kwa kasi, inaweza kuwa nguo zimekaa upande mmoja mashine ikakataa yenyewe, na kuna wengine wanamaanisha tu nguo zinatoka na unyevu, na huo si ugonjwa, mashine ya kawaida inakamua, kukausha ni kazi ya jua. Hizo shida hazina spea moja. Nikija na pampu kumbe ni kufuli ya mlango narudi mikono mitupu, spea inaagizwa Nairobi inakuja na paseli ya matatu, wewe unalipa fea ya kuja mara mbili na uniformu za watoto bado zimelala ndani ya maji.

Hapa nitaongea zaidi kuhusu mashine ya mlango wa mbele iliyokwama katikati na maji ndani, juu ndiyo inaleta safari nyingi za bure. Ukiweza kueleza hiyo vizuri zingine zote utaeleza.

Jambo moja kwanza. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, maji yakielekea kwa soketi, ama ukigusa mashine ikakushika na stima, zima kwa ukuta saa hiyo hiyo. Kama ukutani penyewe pamelowa zima swichi kubwa ya nyumba. Mambo ya video achana nayo, niambie tu hivyo na usiwashe tena hadi nifike.

Usikimbilie kuzima, angalia skrini

Kama hakuna hatari, kitu cha kwanza ni kupiga picha ya skrini vile ilivyo. Watu wengi wakiona mashine imegoma wanazima, wanawasha, koodi inapotea, halafu wananiambia "ilikuwa imeandika kitu na E". Karibu zote zina E bwana. Na picha inashinda kuandika, kwa sababu hizo skrini herufi zake zinachanganya, Samsung ikiandika 5E mtu anaisoma SE, na kwa LG ile OE wengine wanasoma sifuri. Tena kwa LG kuna uE yenye u ndogo na UE yenye U kubwa. Ndogo ni mashine inajaribu kupanga nguo upya yenyewe, kubwa ni imejaribu imeshindwa. Kwa simu zote unanitamkia "yu-ii".

Zile utakutana nazo sana: OE kwa LG na 5E ama 5C kwa Samsung ni maji hayatoki. IE kwa LG na 4E ama 4C kwa Samsung ni maji hayaingii vya kutosha. dE ni mlango. CL kwa LG si hitilafu, ni kufuli ya watoto imebonyezwa, soma kwa paneli ni kitufe gani kimeandikwa Child Lock ukifinye sekunde chache, hiyo hata usinitumie fea. Kampuni zingine zina koodi zao kwa hivyo usichukue maana ya koodi ya mashine ya jirani ukaibandika kwa yako.

Halafu kitu ambacho watu hawashiki haraka: koodi inasema kile mashine imegundua, haitaji spea iliyokufa. OE haisemi "pampu imeungua", inasema "nimengoja maji yatoke hayajatoka". Inaweza kuwa filta imejaa, paipu imejikunja nyuma ya mashine, kitu kimekwama kwa pampu, waya umetafunwa na panya, ama ni bodi, ile sakiti inayotuma stima kwa kila sehemu. Kwa hivyo ukiniambia "ni OE, leta pampu", nusu ya kwanza nashukuru, nusu ya pili bado nitakuuliza maswali.

Ilikwama ikifanya nini

Mashine inafuata mpangilio: inafunga mlango, inachukua maji, inafua, inamwaga, inachukua maji tena kusuuza, inamwaga, mwisho inakamua. Mahali imekwama kwa huo mpangilio panafuta nusu ya sababu. Ikijaza na kufua vizuri basi valvu ya maji iko sawa, mlango unafunga, mota inazunguka. Hiyo ni kazi ya nusu saa hujanilipa na umeshaifanya.

Usinipe muda wa kukisia kama "baada ya muda hivi". Nipe namba ya dakika zilizobaki kwenye skrini pale ilipokwama, na programu uliyochagua, kwa mfano Cotton ama Quick. Kwa programu ya kawaida ikikwama na dakika nyingi zimebaki huenda ni kumwaga kwa kwanza baada ya kufua, ikikwama kwa dakika chache za mwisho huenda ni kukamua, na nikijua modeli naweza kukadiria vizuri. Angalia pia kama hiyo namba imeganda ama inarudi nyuma, yaani ilikuwa 9 ikapanda tena. Ikipanda, mara nyingi mashine inajaribu kupanga nguo upya na hapo siwazii pampu kabisa, nakuuliza kwanza umeweka nini ndani. Blanketi moja zito peke yake linaweza kufanya mashine nzima kabisa ionekane imekufa.

Halafu chungulia kioo: maji yanaonekana ama hayaonekani? Hilo jibu moja linatenganisha "haimwagi" na "haikamui".

Sauti, na hapa usiharakishe

"Inapiga kelele" hainisaidii. Igiza na mdomo, usione haya, niandikie hata "mmmmm" ama "krrrr", nitaelewa. Lakini zaidi ya vile inalia nataka kujua inalia wapi na inafuata nini.

Wapi: pampu ya mashine nyingi za mlango wa mbele iko chini mbele, karibu na kile kimlango kidogo cha filta, na mara nyingi ni upande wa kulia. Beringi na mota sauti yake inatoka nyuma. Weka sikio chini mbele, halafu usogee ubavuni kuelekea nyuma, utasikia tofauti.

Inafuata nini: angalia drami wakati sauti inatoka. Pampu inalia vilevile hata drami ikiwa imesimama. Beringi inalia drami ikizunguka tu, kasi ikipanda nayo inapanda, ikifika kukamua inanguruma kama posho mill na mnaongea kwa kupaza sauti nyumba nzima. Ukiniambia "sauti inapanda na kasi na inakufa drami ikisimama" najua kazi ni ya kufungua mashine yote, siwezi kuja saa kumi na moja jioni nikidhani nitamaliza.

Kwa hiyo shida yetu ya maji kubaki ndani, sauti za kumwaga ziko tatu na kila moja ina maana yake. Ya kwanza ni "mmmm" tupu, maji hayatembei: pampu inapata stima lakini impela yake, kile kipanga kinachosukuma maji, imeshikwa na kitu. Ya pili ni pampu inazunguka, unasikia maji yakikoroga "krrr krrr" na kwa paipu yanatoka kidogo kidogo: hapo njia imeziba, ama filta ama paipu. Ya tatu ni kimya, mashine inasema inamwaga lakini pale chini hakuna kitu: pampu imeungua, waya umekatika, ama bodi haitumi stima. Kwa ya kwanza nabeba pampu, kwa ya pili nabeba vifaa vya kuzibua na pengine wewe mwenyewe utamaliza bila mimi, kwa ya tatu lazima multimita ya kupima stima.

Zingine kwa haraka: "du du du" inayogonga mwanzoni mwa kukamua ni nguo hazijajipanga ama zile shock absorber za kubeba drami zimechoka, "kwiii" drami ikianza kuzunguka ni belti, na "tik, tik, tik" ukibonyeza kuanza halafu hakuna kinachoendelea ni kufuli ya mlango.

Sasa kurekodi. Usinipigie simu ati unishikie simu kwa mashine nisikie. Simu ukipiga inachuja sauti zinazoendelea sawa sawa ikidhani ni kelele za nyuma, na "mmmm" ya pampu ndiyo sauti ya aina hiyo, mimi huku nasikia wewe ukipumua. Rekodi video ya kama nusu dakika unitumie kwa WhatsApp. Anza na skrini, shuka polepole hadi chini karibu na filta, tulia hapo sekunde kumi bila kuongea, zima redio, mwambie mtoto anyamaze kidogo. Kama sauti inakuja na kuondoka, niambie inakaa sekunde ngapi na inarudi baada ya ngapi.

Majaribio mawili ambayo hayahitaji bisibisi

La kwanza ni ndoo. Toa mwisho wa paipu ya maji machafu, weka kwenye ndoo huku umeishikilia juu kama kimo cha mashine, halafu chagua Spin peke yake ama Drain. Yakitoka kwa nguvu, niambie. Yakichuruzika, niambie. Yasipotoka, niambie ulisikia nini wakati huo.

La pili ni filta, lakini kama mashine ilikuwa inafua na maji moto subiri yapoe kabisa, na uchomoe stima kwanza. Fungua kimlango cha chini, kama kuna kimrija kidogo pembeni toa maji na hicho kwenye bakuli la chini chini, rudia hadi yaishe, ndipo uzungushe filta polepole. Ukikosa kimrija jiandae na taulo, maji yaliyobaki yanaweza kuwa mandoo. Niambie ulipata nini ndani na maji yalitoka kwa nguvu ama kwa shida, hiyo ya mwisho watu hawaitaji na ni ya maana sana. Ukimulika na tochi ndani ya tundu utaona impela, iguse na kijiti. Ikienda kwa kuruka ruka, inakwama kidogo inaachia, usishtuke, ndani kuna sumaku na ndivyo inavyotakiwa. Ikikataa kabisa kusonga, ama ikizunguka bure kabisa bila kushika popote, hiyo ni habari, nitumie.

Kufungua kifuniko cha nyuma wacha. Huko ni kwangu.

Mfano wenyewe

Mteja mmoja wa Lanet aliniandikia mara ya kwanza, "Fundi mashine imekwama na nguo ndani inapiga kelele." Nikamtumia haya maswali, jioni akarudi na meseji hii pamoja na video na picha ya stika ya modeli:

"Habari ya jioni fundi. Ni ya mlango wa mbele, kilo 8, stika ndiyo hiyo. Nilichagua Cotton, ikajaza maji ikafua vizuri. Ilikwama skrini ikiwa na dakika 41, maji yanaonekana kwa kioo. Inafanya mmmm chini kulia kama sekunde ishirini, inanyamaza, inarudia, drami imesimama. Baadaye ikaandika OE. Nimefungua filta maji yakatoka kwa nguvu, nikapata kifungo na nywele, nikaosha. Nimejaribu Spin tena bado ni mmmm tu na kwa ndoo hakuna kitu. Kile cha ndani nimegusa na kijiti hakisongi. Wiki iliyopita ilikuwa inachukua muda mrefu kumwaga. Stima haikupotea."

Hebu tuisome vile mimi niliisoma. Ilijaza na kufua: valvu, mlango na mota nimeziacha. Maji yalitoka kwa nguvu pale kwa filta: basi njia kutoka kwa drami hadi pale haijaziba. Inafanya mmmm: stima inafika kwa pampu, kwa hivyo bodi na waya nimeacha pia. Filta ni safi na bado haitoi, na impela haisongi: shida imebaki ndani ya pampu yenyewe, nyuma ya filta. Wiki iliyopita ilikuwa polepole: kitu kiliingia siku nyingi kikawa kinajisogeza. Na kwa stika nikajua pampu yake ni ya kushikwa na skrubu ama ya kuzungusha, juu ziko aina nyingi na hazibadilishani.

Nikaagiza pampu, ikafika, nikaenda nayo. Ndani kulikuwa na waya wa sidiria umejisokota kwa impela na umevunja jino mbili, ningetoa waya peke yake angenipigia tena mwezi huo. Tukaweka mpya, tukajaribu na ndoo, nikapanda boda. Angekuwa ameandika "kimya" badala ya "mmmm", hiyo pampu nisingeagiza kabla ya kuja kupima waya, kwa sababu hapa Lanet panya wanapenda sana nyaya za chini ya mashine.

Shida ambayo si ya mashine

Mwenzangu wa Kisumu huko Mamboleo anakutana sana na ile ya IE ama 4E, mashine haichukui maji, na mara nyingi mashine haina makosa. Mahali maji ni ya mgao nyumba inatumia tangi, na tangi likiwa mita 3 tu juu ya mfereji presha yake ni kama 0.3 ya bar, hali mashine nyingi zimeandikwa kwa kitabu chake zinataka kuanzia 0.5 ama hata 1. Kwa hivyo kabla ya kusema haivuti maji, toa paipu ya kuingiza maji kwa mfereji, jaza ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde, unitumie hiyo. Niambie pia kama siku hiyo maji yalikuwa ya tangi ama ya kanjo.

Na angalia mwisho wa paipu ya maji machafu umelala wapi. Nyumba nyingi wanaitupa tu sakafuni karibu na tundu la bafu. Kwa mashine ya mlango wa mbele inayotaka mwisho wa paipu uwe juu, kama sentimita 60 hadi 90 kutoka chini, ikilala sakafuni maji yanajivuta yenyewe na kumwagika nje huku mashine inajaza, inajaza, haijai, mwisho inaandika maji hayaingii. Ukiona maji yanatoka kwa paipu wakati mashine inajaza, niandikie hivyo hivyo, tunaweza kumalizana kwa simu. Zile za mlango wa juu zingine zinataka paipu iwe chini, ndiyo maana kila siku naitisha modeli.

Modeli iko kwa stika, kwa mlango wa mbele fungua mlango uangalie ukingo, kwa wa juu angalia mgongoni. Piga picha stika yote, si jina la kampuni lile kubwa la mbele, na zile herufi za mwisho zisikatwe, juu mashine mbili zinafanana nje lakini herufi moja ya mwisho imebadilisha pampu.

Kama shida inakuja na kwenda, usiniite siku imepona. Bandika karatasi hapo juu ya mashine, kila ikikwama andika programu, dakika za skrini, koodi, nguo gani, na kama stima ilikuwa imepotea ama inapunguza mwanga. Mistari mitatu minne ikifanana utaona mwenyewe, labda ni maji moto tu, labda ni usiku tu stima ikiwa chini.

Siku nakuja acha mashine vile ilikwama kama nguo zinavumilia, ama utoe nguo lakini usibadilishe kitu kingine. Toa hivyo vikapu vilivyopangwa juu yake, acha nafasi ya kuivuta mbele, maji yawe kwa mfereji ama hata kwa ndoo mbili, na tokeni ziwe na yuniti kadhaa, kwa sababu nikimaliza lazima niizungushe na maji hadi ikamue, na nikikuta tokeni zimeisha nitakaa hapo kwa sofa tukingoja meseji ya stima.